Mlo na Usingizi wa Mwenye Zamu ya Usiku



Nyumba nyingi za Pwani siku hizi zina mtu mmoja ambaye usiku wake ni kazi na mchana wake ndio kitanda. Huyu ni muuguzi, yule ni bawabu, mwengine yuko bandarini Kilindini au jikoni mwa hoteli. Kwetu Likoni mtu huyo ni wifi yetu, mke wa ndugu yetu, ambaye ni muuguzi upande wa kisiwani. Huingia kazini saa moja ya usiku na kukabidhi wodi saa moja u nusu asubuhi, siku nne mfululizo, kisha hupumzika tatu. Tunayoyaandika hapa ni yale tuliyoyapanga pamoja naye, sisi wanawake wa nyumba moja, baada ya kipimo kimoja cha damu kututia sote wasiwasi.

Kipimo chenyewe kilikuwa cha sukari kabla ya kula. Kilisoma milimoli 6.5 kwa lita. Chini ya 6.1 huhesabiwa kuwa sawa, na kuanzia 7.0 huitwa ugonjwa wa sukari. Yeye alikuwa katikati, pale ambapo daktari hakwambii u mgonjwa wala hakwambii u mzima. Kwa mtu mwengine huenda jambo hili lingepita. Lakini mamake mzazi anaugua sukari na amekwisha kukatwa kidole cha mguu, na wifi yetu ndiye aliyekuwa akikifunga kidonda kile kila siku. Hakuhitaji kuelezwa. Katika miaka miwili ya zamu za usiku alikuwa ameongezeka uzito hadi kilo 78, na kiuno chake, kwa futi ya fundi wa nguo, kilikuwa sentimita 96. Kwa mwanamke, kiuno kikishapita sentimita 80, hatari ya sukari na presha huanza kupanda.

Hapana budi tutaje jambo moja kuhusu kipimo hicho, kwa sababu huwapoteza wengi. Damu ile ilitolewa asubuhi alipotoka kazini, bila usingizi, na alikuwa amekunywa chai ya maziwa usiku. Kipimo cha namna hiyo hakisemi ukweli wote. Sukari ya kabla ya kula hupimwa baada ya saa nane au zaidi bila chakula wala kinywaji chochote isipokuwa maji, na kwa mtu wa usiku ni bora apimwe siku ya mapumziko, baada ya kulala usiku wa kawaida. Daktari alikirudia kwa utaratibu huo. Kikasoma 6.3. Palikuwa na nafuu, lakini jambo lilikuwa bado lipo.

Sasa, kwa nini usiku umnenepeshe mtu ambaye hali zaidi ya wenzake? Jibu liko katika saa ya mwili. Ndani ya ubongo, nyuma ya macho, pana chembe chache zinazopokea habari za mwangaza na kuupangia mwili wote ratiba. Ini lina saa yake, na kongosho, kiungo kinachotoa insulini ya kuiondoa sukari katika damu, nacho kina saa yake. Giza likiingia hutoka homoni iitwayo melatonini, ambayo huuandaa mwili kulala na pia huipunguza kasi kongosho. Kwa hivyo sahani ya wali iliyoliwa saa saba ya mchana na sahani hiyohiyo iliyoliwa saa nane ya usiku si chakula kimoja mbele ya damu. Ile ya usiku huipandisha sukari juu zaidi, na hukaa juu kwa muda mrefu zaidi.

Mtu atasema: lakini aliyezoea usiku si amekwisha kugeuka? La. Saa ile husogea polepole, kiasi cha saa moja kwa siku pale mambo yanapokwenda vyema, na jua la asubuhi njiani kurudi nyumbani huirudisha ilikotoka. Anayefanya kazi usiku siku nne kisha akaamka na watoto siku tatu hageuki kabisa. Miguu yake iko wodini, na tumbo lake limebaki nyumbani limelala.

Mwaka 2021 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha jaribio lililotufungua macho. Waliwachukua vijana 19 wenye afya, wakawaweka katika maabara siku 14 na kuwapa mwenendo wa zamu ya usiku. Wote walikesha na kulala kwa nyakati zilezile. Kundi moja lilikula usiku na mchana, kama walavyo wafanyakazi wengi wa usiku; kundi la pili lilikula mchana peke yake. Kwa wale waliokula usiku, wastani wa sukari ya damu ulipanda kwa asilimia 6.4. Kwa wale waliokula mchana haukupanda kwa kiasi cha kuhesabiwa. Jaribio ni dogo, watu wake walikuwa wazima, na halikupima unene. Hatulifanyi kuwa sheria. Lakini lilitupa wazo la kuanzia: kukesha hakukuwa katika uwezo wetu kukuondoa, ila saa ya kula ilikuwa mikononi mwetu.

Basi tuliketi tukahesabu usiku mmoja wa wifi yetu. Aliondoka nyumbani saa kumi na mbili kasorobo jioni bila kula, kwa kuwa wali wa mchana uliiva akiwa amelala na wa usiku ulikuwa haujatelekwa. Saa tatu alikula viazi karai na ukwaju na wenzake. Saa sita walifungua kontena la biriani au pilau ambalo mmoja wao amelileta, maana wauguzi wana ukarimu wao na hakuna anayetaka kuonekana akikataa sahani ya mwenzake. Chai ya maziwa ilikuwa vikombe vinne mpaka alfajiri, vijiko vitatu vya sukari kila kikombe. Hivyo ni vijiko 12, nacho kijiko kimoja hubeba kiasi cha gramu 4. Karibu gramu 50 za sukari zilikuwa katika chai tu, na hicho ndicho kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asikipite kwa siku nzima, tena likapendelea kiwe nusu yake. Asubuhi alinunua mahamri njiani, akafika nyumbani, akalala nayo tumboni.

Ukiangalia, huyu si mlafi. Alikula kama mtu yeyote. Tatizo ni kwamba mlo wake mkuu ulianguka saa sita ya usiku, na mtamu mwingi ukaanguka kati ya saa nane na saa kumi, wakati ambapo kongosho limelala fofofo. Mahali pa kwanza pa kusogeza palikuwa mlo mkuu.

Hapa ndipo nyumba nzima ilipoguswa. Desturi yetu, kama ya nyumba nyingi za Pwani, ni kula wali pamoja baada ya Adhuhuri. Mtu wa usiku akiamshwa saa saba ale, usingizi wake umekatwa katikati na kupakiwa chakula kizito. Asipoamshwa, Bi Mkubwa hana raha.

"Mwanangu, wali umeiva, nawe umelala na njaa! Mtu hulalaje hivyo?" Bi Mkubwa alimwambia siku za mwanzo.

"Mama, niwekee chini ya kawa. Nitakula nikishaswali Alasiri, inshallah."

"Wali wa chini ya kawa si wali wa sinia."

Neno hilo la Bi Mkubwa ndilo lililotupa suluhisho, ingawa yeye alilisema kwa kulalamika. Siku nne za zamu tulihamisha sinia. Mchana waliopo nyumbani hula kitu chepesi, muhogo au mkate na kunde, na wali huliwa baina ya saa kumi na robo na saa kumi na moja ya jioni. Watoto wamekwisha kurudi shule, wifi yetu ameamka na kuswali, na wote hukaa pamoja. Haikuwa shida kubwa kama tulivyoogopa. Watoto, waliokuwa wakirudi na kukuta makombo, ndio walioshukuru zaidi.

Katika sinia hiyo yeye hula mpaka ashibe, na hili tunalisisitiza. Anayekwenda kazini na njaa atashindwa na viazi karai saa tatu, hata awe na azma ya chuma. Nusu ya upande wake huwa mboga: mchicha, mnavu, bamia au kachumbari. Robo ni kitoweo, samaki wa kupaka au wa kukaanga kidogo, kunde, pojo au kuku. Robo iliyobaki ni wali, kiasi cha ngumi mbili. Nazi hatukuiondoa. Bi Mkubwa asingekubali, na sisi pia hatukuona sababu ya kumfanya mtu achukie chakula cha kwao. Tuliacha tui zito liwe la kitoweo na wali ukapikwa kwa tui jepesi.

Usiku anabeba kikontena kidogo, naye hukifungua kabla ya saa sita. Ndani mna mayai mawili ya kuchemsha, au kikombe cha maziwa lala yasiyotiwa sukari pamoja na konzi moja ya njugu, na tango au karoti. Baada ya saa sita hadi alfajiri ni maji, na chai ya tangawizi isiyo na sukari wala majani. Njaa ya saa tisa huja, lakini aghalabu ni usingizi uliovaa nguo za njaa. Yeye hujipima hivi: hunywa gilasi ya maji, hutembea wodi moja na kurudi, kisha hujiuliza kama angekula yai. Akilikubali yai, ni njaa, na hula yai. Akiwa anataka mahamri tu, ni usingizi.

Kuhusu biriani ya wenzake, alitafuta njia ambayo haikuvunja undugu. Huchukua sehemu yake, hushukuru, huifunga na kuileta nyumbani katika friji, ikaliwa kwenye sinia siku ya pili. Siku hizi wawili miongoni mwa wenzake nao hufunga za kwao.

Kahawa na chai ya rangi zina hesabu yake. Kafeini haiondoi uchovu. Huificha tu ile dalili ya usingizi inayojikusanya ubongoni kwa kadiri mtu anavyokesha. Kwa mtu mzima huchukua kiasi cha saa tano kwa nusu yake kuondoka mwilini. Anayekunywa kikombe saa kumi na moja ya alfajiri, akitaka kulala saa tatu asubuhi, bado ana zaidi ya nusu ya kikombe hicho ndani. Atalala, pengine, lakini usingizi wake utakuwa mwepesi na atazinduka saa tano akidhani ni kelele za jirani zilizomwamsha. Kwa wanawake pana jambo ambalo mara chache huelezwa kliniki: vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni huchelewesha kafeini kutoka, takriban mara mbili, na ujauzito huichelewesha zaidi. Wifi yetu hunywa vikombe viwili, cha kwanza saa mbili usiku na cha mwisho kabla ya saa saba. Baada ya hapo hana tena.

Badala ya kikombe cha saa tisa, hulala dakika 20 wakati wa mapumziko yake, kwa zamu na mwenzake, kengele ya simu ikiwa imetegwa. Zikizidi dakika 30 mtu huzama katika usingizi mzito na huamka mzito kama aliyetoka kilindini, jambo la hatari kwa anayeshika sindano na dawa za watu. Hata baada ya hizo 20 yeye husubiri kidogo, hunawa uso au hutia udhu, kabla ya kugusa kazi inayohitaji hesabu.

Alfajiri huswali huko huko kazini, na ndio wakati mgumu kupita yote. Baina ya saa kumi na saa kumi na mbili joto la mwili huwa chini kabisa, na macho hujifunga yenyewe. Kisha huja kivuko. Anayevuka kutoka kisiwani kuja Likoni asubuhi anajua jua lile linavyopiga maji na kurudi usoni. Mwangaza huo ndio unaoiambia saa ya ubongo kwamba siku imeanza, na mtu akifika nyumbani kitanda hakimtaki. Kwa hivyo tangu atoke mlangoni mwa kazi huvaa miwani ya giza na kuuvuta ushungi mbele kidogo. Tahadhari moja: miwani hii ni ya abiria. Anayeendesha gari au pikipiki akiwa na usingizi asijiongezee giza, na kwa kweli asiendeshe. Wifi yetu aliwahi kupitiliza kituo akiwa amelala ndani ya matatu, akaamshwa na utingo mbali na nyumbani. Tangu hapo huchukua tuktuk ya jirani anayemjua, ambaye humfikisha mpaka kizingitini.

Akifika, saa mbili na robo, hula kidogo. Tumbo tupu humwamsha mtu saa sita. Tumbo lililojaa humletea kiungulia akilala. Kikombe kimoja cha uji wa wimbi usiotiwa sukari nyingi kinatosha, au kipande cha mkate wa unga usiokobolewa na yai. Mahamri yamebaki kuwa ya siku za mapumziko, tena mawili, pamoja na mbaazi, akiwa macho na akiyafurahia.

Kitanda chake kilihamishwa chumba cha nyuma, mbali na mlango wa barabarani. Dirishani tulitundika leso mbili za pamba juu ya pazia, na pale ambapo jua lilikuwa bado likipenya tuliziba kwa kadibodi. Kipimo chetu ni kwamba ukiunyosha mkono usivione vidole vizuri. Joto ni adui mkubwa zaidi ya kelele katika mji wetu, hasa baina ya Januari na Machi, kwa sababu mwili hauwezi kuzama katika usingizi bila kupoa. Yeye huoga maji ya kawaida kabla ya kulala, feni huelekezwa ukutani ili hewa izunguke, na katika siku za joto kali taulo iliyoloweshwa na kukamuliwa hutandazwa miguuni. Sauti ya feni pia hufunika ngurumo za mtaani. Kinu na blenda hutumika kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya Alasiri, na simu yake hukaa kwa Bi Mkubwa, ambaye ana jibu moja kwa wapigaji wote: "Amelala. Kuna maiti au kuna moto?" Kama hakuna, hukata.

Swala ya Adhuhuri ilikuwa jambo la kufikiriwa, kwani hakuna kati yetu aliyekuwa tayari kuipoteza, yeye mwenyewe wa kwanza. Zipo njia mbili, naye amezijaribu zote. Njia ya kwanza ni kulala saa mbili na dakika 45, kuamka saa saba kasorobo, kuswali, kunywa maji na kula kipande cha papai, kisha kurudi kitandani saa saba na robo mpaka saa tisa u nusu. Hapo atakuwa amepata zaidi ya saa sita kwa vipande viwili. Njia ya pili ni kulala moja kwa moja mpaka saa tisa kasorobo na kuswali Adhuhuri kabla ya Alasiri kuingia, ambayo hapa kwetu ni karibu saa kumi kasorobo. Njia hii ina usingizi usiokatika, lakini haina pa kukosea: kengele mbili zinahitajika, na mtu wa kumbishia mlango. Wifi yetu huchagua ya kwanza. Kipande cha pili kwake ni kailula iliyorefushwa, na mwili, ilimradi jumla ya saa za usingizi itimie, hauoni ubaya mkubwa katika kugawanywa. Kinachouumiza ni kuamka saa saba na kutorudi tena kitandani kwa sababu wageni wamekuja.

Wiki nzima basi huenda hivi. Siku ya zamu ya kwanza huamka kama kawaida asubuhi, hulala saa nane mchana kwa saa moja u nusu, hula kwenye sinia, huondoka. Siku tatu zinazofuata ni kama tulivyoeleza. Asubuhi ya kutoka zamu ya nne halali sana. Huamka Adhuhuri, hukaa na watu, hutembea jua likiwa limepungua makali, na husubiri mpaka ameswali Isha na kula chakula chepesi ndipo alale, karibu saa nne. Asubuhi inayofuata huamka na nyumba. Anayelala mchana kutwa baada ya zamu ya mwisho hukesha usiku wake wa kwanza wa mapumziko mbele ya friji, na siku tatu hizo humwishia akiwa bado hajarudi.

Baada ya miezi mitano uzito wake ulikuwa kilo 74 na kiuno sentimita 91. Sukari, ikipimwa vilevile siku ya mapumziko, ilisoma 5.8. Hatusemi amepona, kwani hakuwa ameugua, na ukoo wake bado ni uleule. Hupima kiuno mara moja kwa mwezi na uzito asubuhi ya siku ya pili ya mapumziko, kwa mizani ileile, kwa kuwa uzito unaopimwa baada ya kukesha hupanda na kushuka kwa maji tu. Dalili aliyoipenda zaidi haikuwa ya mizani. Ni kwamba siku hizi huzinduka dakika chache kabla ya kengele, na saa kumi ya alfajiri anaweza kusoma chati ya mgonjwa mara moja bila kurudia mstari.

Utaratibu huu haumfai kila mtu. Anayetumia insulini au vidonge vya sukari kama glibenklamaidi asiache kula usiku kwa kusoma makala yetu, kwa sababu dawa hizo zinaweza kuiangusha sukari yake hata akaanguka yeye. Aende na ratiba ya zamu yake kwa daktari, na saa za dawa zipangwe upya pamoja na saa za mlo. Mjamzito na anayenyonyesha wanahitaji chakula zaidi ya kikontena kile. Na yule anayelala saa saba mchana katika giza na utulivu, kisha akaamka amechoka na kichwa kinauma, na mumewe asema anakoroma na kukatika pumzi, shida yake haiko katika mlo. Pumzi yake wakati wa usingizi ndiyo inayotaka kuchunguzwa hospitalini.

Ramadhani huupindua mpango wote, na hatudai kuwa tumeupatia jibu kamili. Mlo mkuu hauwezi kuwa wa jioni ya mapema, na futari humkuta amefika kazini. Hufungua kwa tende na maji, huswali Magharibi, kisha hula sehemu kubwa ya chakula chake papo hapo, kabla ya saa mbili, wakati usiku wa mwili haujaingia sana. Kaimati na vibibi husubiri siku za mapumziko. Daku yake ni saa kumi: ndizi za kuchemsha au uji mzito wa wimbi, mayai, maziwa lala, na maji aliyoyagawa tangu saa tatu usiku badala ya kuyamimina kwa pamoja mwishoni. Kikombe cha mwisho cha chai ya rangi kinabaki kabla ya saa saba. Akifika nyumbani asubuhi hana uji wa kula, basi huoga na kulala mara moja, na mwaka jana tuliona kwamba kipande cha pili cha usingizi, kile cha baada ya Adhuhuri, ndicho kilichombeba mpaka Magharibi. Mwaka huu Bi Mkubwa amekwisha kutangaza kwamba chumba cha nyuma hakitapokea mgeni yeyote mpaka Alasiri iadhiniwe.